Chumba cha pembeni ni kimoja, wagonjwa watatu: nilimpa asiyestahili?

Nesi_Ziwani:
Wakuu habari za usiku. Mimi ni nesi wodi ya wanaume, hospitali naomba nisiitaje ila ni Mwanza, ukifungua dirisha unaona mitumbwi. Chumba cha pembeni tunacho kimoja tu. Jumanne usiku nilikuwa shifti na intani, tukapokea watatu ndani ya masaa manne. Wa kwanza kijana wa miaka 19, homa kali, shingo ngumu, ana vidoa vyekundu miguuni, daktari akasema uti wa mgongo na sindano ya seftriaksoni ikaanza saa nne usiku. Wa pili baba katoka migodini Geita, kikohozi zaidi ya mwezi, kakonda, usiku analowa jasho, makohozi hayajapimwa. Wa tatu mzee aliyekuwa kalazwa kwa antibayotiki siku nyingi na sasa anaharisha mfululizo hadi anachafua shuka.

Mimi nikampa chumba yule kijana maana ndiye aliyenitisha, alikuwa anaonekana anakufa. Baba wa migodini nikamlaza kitanda cha katikati chini ya feni. Asubuhi inchaji kanigombeza, halafu akasema tuvae N95 kwa wote watatu, na leo siku ya tatu N95 zimeisha boksi zima. Nilikosea wapi? Nisaidieni kwa kweli, silali vizuri.

Kaka_Igoma:
Pole dada. Ila mbona rahisi, wa TB mvalishe barakoa, muanzishe dawa, wiki mbili haambukizi mtu. Na nyie vaeni zile za bluu zinatosha, N95 ilikuwa mambo ya korona.

Sista_Mstaafu:
Mwanangu usijilaumu sana, wengi wanakosea hapo hapo, tunampa chumba anayetutisha badala ya yule ambaye hewa yake inasafiri. Yule kijana mate yake ni mazito, akikohoa yanadondoka karibu, kwa hiyo kitanda cha pembeni umbali wa mita moja na zaidi kutoka kwa jirani, pazia kama lipo, na barakoa ya bluu kwa anayemsogelea, basi. Na kama dawa imeanza saa nne usiku Jumanne, saa nne usiku Jumatano amemaliza masaa 24 ya sindano sahihi na hahitaji kutengwa tena. Chumba angekitumia siku moja tu.

Baba wa migodini ndiye wa chumba, tena kabla ya majibu. Vijidudu vyake vinaelea hewani masaa, feni uliyomweka chini yake ilikuwa inavisambaza wodi nzima. Kwake nyie mnavaa N95, yeye anavaa ya bluu akitoka chumbani. Kaka Igoma hapo umechanganya, ya bluu inazuia kinachotoka mdomoni mwake, haikulindi wewe unayevuta hewa maana pembeni ina mianya. Na hizo wiki mbili zako zinahesabika kama dawa zinamfanyia kazi, sasa kama wadudu ni sugu kwa rifampisini utahesabu wiki mbili na yeye anaendelea kuambukiza. Ndiyo maana majibu ya makohozi yanasubiriwa yaseme na usugu.

N95 zitawatosha mkizitumia kwa huyo mmoja tu. Ukivaa weka viganja juu yake upumue kwa nguvu, ukisikia upepo unapita machoni haijakaa, kaza waya wa puani. Mwenye ndevu haimkai. Ukimaliza ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako, usiiweke kwenye mfuko wa nailoni italoa, na ikilegea au ikilowa tupa.

Mama_Kirumba:
Samahani wataalamu, na mimi nina mdogo wangu ana hiyo hiyo ya uti wa mgongo, kaanza kuinama, yupo kwenye dawa za TB mwezi wa pili, nyumbani tumemtengea sahani na kikombe na watoto hawamsogelei. Ina maana baada ya masaa 24 tungemuacha tu?

Sista_Mstaafu:
Mama hiyo ni nyingine kabisa. Ya mdogo wako ni TB iliyokaa kwenye mifupa ya mgongo, na kama mapafu yamepimwa yako safi haambukizi mtu kwa hewa. Mrudishie sahani yake. Hata TB ya mapafu haipiti kwenye vyombo. Waulize kliniki kama kifua kilipigwa picha, hilo ndilo la kuuliza.

Dokta_Bukoba:
Naongeza kuhusu yule mzee maana kasahaulika. Kuharisha baada ya antibayotiki nyingi kuna mdudu anayetengeneza mbegu ngumu, na spiriti ya kupaka mikononi haimuui, ni maji yanayotiririka na sabuni tu. Glavu na aproni kabla ya kumgusa, unavua hapo hapo kitandani kwake kabla hujashika cha mwenzake, bedipani iwe yake peke yake. Sakafu futa uchafu kwanza ndio upige klorini ya 0.5, chupa iliyoandikwa 3.5 unachukua kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. N95 kwake ni kupoteza.

Sisi huku Kagera tumepata Marburg 2023 na tena 2025, kwa hiyo mimi napendekeza mvae gauni kwa kila mwenye homa.

Sista_Mstaafu:
Dokta kwenye klorini na sabuni nakubali, kwenye gauni kwa kila homa sikubali, malaria tu zitamaliza gauni zote. Ulizia kwanza katoka wapi, kazika nani, anatoka damu au la.

Nesi, swali: dirisha la hicho chumba linatazama wapi?

Nesi_Ziwani:
Linatazama ziwani, moja tu. Mlango unatokea koridoni kwenye meza yetu.

Sista_Mstaafu:
Hapo nilikuwa naogopa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, unaingia dirishani na kusukuma hewa ya chumba chini ya mlango hadi mezani kwenu. Usiku unageuka. Washa udi, shika karibu na uwazi wa chini ya mlango, angalia moshi unaelekea wapi, saa nane mchana na saa nane usiku.

Nesi_Ziwani:
Nimefanya jana na leo. Mchana moshi unatoka koridoni kweli, unakuja usoni kwangu. Usiku unaingia chumbani.

Sista_Mstaafu:
Basi mchana mtoe akae barazani upande wa wazi, kivulini, mbali na wanaokuja kuona wagonjwa, makohozi atolee huko huko nje. Usiku alale chumbani, dirisha wazi, mlango umefungwa. Chini ya mlango wekeni kitambaa, kitapunguza ila hakitamaliza.

Kaka_Igoma:
Nimeelewa la N95 sista, asante. Ila ndugu anayelala naye je? Mke wake analala chini pembeni ya kitanda, hana N95 wala nini.

Sista_Mstaafu:
Huyo kaishi naye zaidi ya mwezi akikohoa, anatakiwa kupimwa mwenyewe kwanza. Kulala humo mimi ningemkatalia. Lakini nani atamlisha usiku na nesi mko wawili, hapo kila wodi inajua yake.

Nesi_Ziwani:
Majibu yametoka mchana huu, ni TB, sio sugu. Mke kaandikishwa kupimwa kesho. Ninachowaza sasa ni yule mgonjwa wa kitanda jirani usiku ule, anatumia dawa za VVU na aliruhusiwa Alhamisi, na kwenye faili lake hatuna namba ya simu inayopatikana.

Dokta_Bukoba:
Kliniki anayochukulia dawa wanamjua, pigia hao leo kabla hawajafunga, na andika kwenye faili lake tarehe na kitanda alicholala.