Mafundi wanawashwa na pamba ya kioo, na sasa muwasho umefika hadi nyumbani kwao: naomba ushauri

BintiNgomeni (Malindi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninasimamia ujenzi wa nyumba ya wageni ya familia yetu hapa Malindi, na mafundi wanatandaza pamba ya kioo juu ya dari, chini ya mabati, ili kupunguza joto vyumbani. Nusu ya vyumba imekwisha.

Mafundi wawili wametokwa na vipele vyekundu mikononi, shingoni, na kiunoni pale suruali inapobana. Kwa sababu ya joto la darini wanavaa fulana za mikono mifupi, na barakoa zao ni za kitambaa. Jioni huoga maji ya moto na kujisugua kwa dodoki, lakini wanasema ndipo muwasho unapozidi. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba mke wa mmoja wao, ambaye hajawahi kukanyaga hapa kazini, ameanza kuwashwa mikono, na mtoto wao mdogo hulia akivalishwa nguo zilizofuliwa.

Je, hii ni aina ya asibesto? Na nibadilishe nini kabla hatujaendelea na vyumba vilivyobaki?

MwanaMatondoni (Lamu)

Wa aleikumu salaam. Pole dada. Sisi tunaotengeneza boti za faiba huku Lamu tunaujua muwasho huo tangu ujana wetu. Kabla ya kazi, waambie wajipake mafuta ya nazi mwili mzima, na wakimaliza wajimwagie maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Maji ya moto waache kabisa. Miye nimefanya hivyo miaka mingi na ngozi yangu iko salama.

MzeeWaMambrui

Binti yangu, pamba hizo ni gharama ya bure. Ezeka makuti juu ya mabati na utaona vyumba vinavyopoa.

FundiJoto (Mombasa)

Dada BintiNgomeni, nimefanya kazi ya kuzuia joto kwenye vyumba vya baridi na mabomba ya mvuke kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na hofu yako. Hii si asibesto. Asibesto ni jiwe la asili ambalo nyuzi zake hupasuka kwa urefu na kuwa nyembamba zaidi na zaidi, nazo hubaki mapafuni miaka mingi. Uzi wa kioo hukatika kwa upana, na nyuzi za pamba za siku hizi nyingi huyeyuka mwilini mapema zaidi. Mwaka 1988 shirika la IARC, linalochunguza visababishi vya saratani, liliiweka pamba ya kioo katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani, lakini mwaka 2001 wataalamu wake waliipitia upya pamba hii ya majengo pamoja na pamba ya mawe, wakazihamishia kundi la 3 kwa kuwa ushahidi haukutosha. Nyuzi za kauri za tanuru zilibaki 2B, kwa hiyo usichanganye bidhaa hizo.

Muwasho wa mafundi wako ni wa kuchomwa. Nyuzi nene, za takriban maikroni tano na zaidi, huchoma ngozi ya juu kama miiba midogo. Ndiyo maana vipele vimetokea shingoni na kiunoni, mahali ambapo nguo hubana na kusukuma nyuzi ndani, na ndiyo maana dodoki linazidisha maumivu. Kuhusu maji baridi, Mwana Matondoni amesema kweli: nyuzi zisuuzwe kwanza kwa maji baridi yanayotiririka, bila kusugua, kisha sabuni. Kwa mafuta sikubaliani naye, kwa sababu ngozi yenye mafuta hunasa nyuzi na vumbi. Tena kazi yake ni tofauti: yeye hupiga msasa faiba iliyogandishwa kwa gundi, na vumbi la gundi ile linaweza kumletea mtu mzio, jambo ambalo maji peke yake hayalitibu.

Mke wa fundi amepata nyuzi kwenye nguo za kazi. Ukitaka kuhakikisha, chukua shati moja la fundi usiku, zima taa, kisha limulike kwa tochi ukiwa umeilaza ubavuni mwa kitambaa. Utaona vijistari vinavyometameta. Nguo za kazi zivuliwe hapo hapo kazini, ziingizwe kwenye mfuko bila kukung'utwa wala kupulizwa kwa pampu ya hewa, na zifuliwe kwenye beseni lake, mfuaji akiwa amevaa glavu. Beseni lisuuzwe vizuri baada ya hapo. Nguo za mtoto zifuliwe upya peke yake na zisuuzwe mara kadhaa.

BintiNgomeni (Malindi)

Nimeijaribu tochi usiku huu. Mabega na kola ya shati vilimetameta kabisa, na hata shuka ya mtoto ilikuwa na chembe. Nashukuru sana.

Sasa naomba msaada kuhusu mavazi. Mafundi wanasema ovaroli nzito itawaangusha kwa joto. Mmoja ana ndevu ndefu na hataki kuzinyoa, na kijana anayewapokeza mizigo ana pumu.

FundiJoto (Mombasa)

Ovaroli nzito si lazima. Shati la pamba la mikono mirefu, pana, lisilobana shingo, likifungwa vifundoni, pamoja na suruali ndefu, kofia na glavu, linatosha kwa kutandaza. Waingie darini alfajiri na washuke kabla bati halijawaka. Feni isielekezwe kwenye kazi, kwani hupeperusha vumbi lote usoni. Wafungue furushi pale pale linapotandazwa, na wakate kwa kisu kirefu chenye makali juu ya ubao, pamba ikiwa imegandamizwa. Msumeno hutoa vumbi jingi. Kwa kuwa wanafanya kazi juu ya vichwa vyao, miwani inayoziba pembeni ni ya lazima.

Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi. Nunua FFP2 au N95, na ikilowa jasho ibadilishwe. Kwa mwenye ndevu, barakoa hizo hupitisha hewa pembeni, kwa hiyo mpe kazi ya chini: kupima na kubeba mafurushi yaliyofungwa. Gharama ni yako wewe mwenye kazi, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyotaka.

MuuguziKilifi

Kijana mwenye pumu nisingemruhusu darini hata akiwa na barakoa, mpaka daktari amsikilize kifua. Kwa wengine, vipele vya kuchomwa hupungua ndani ya siku chache wakiacha kugusa pamba. Vikibaki, vikitoa majimaji au vikienea mahali palipofunikwa vizuri, basi huenda ni mzio wa gundi inayoshika nyuzi, na huo unahitaji kupimwa. Jicho likiingiwa, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, wala lisisuguliwe.

MwanaMatondoni (Lamu)

Nimekuelewa, FundiJoto. Hata hivyo, kwa kubomoa dari kuukuu yenye pamba iliyokauka ningevaa ovaroli nyembamba ya kutupwa, bila kujali joto.

FundiJoto (Mombasa)

Kwa kubomoa nakubali, kwa sababu pamba kuukuu hutoa vumbi jingi, lakini wapumzike na kunywa maji mara kwa mara. Dada, vipande vilivyobaki vitiwe kwenye magunia ya plastiki yafungwe siku hiyo hiyo, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Wageni wasilazwe vyumba hivyo mpaka dari ifungwe na kila kiungo cha gipsamu kizibwe.