Re: Nimekatisha bima ya gari katikati ya mwaka, rifandi siioni kwenye stetimenti

Hamisi, Jumamosi 9 Agosti 2025

Wanakusini habari zenu, poleni na kazi huko. Mie nipo Newala, nilishuka Mtwara mwezi uliopita kama nilivyowaaga, salfa ya mikorosho inaendelea huku na macho yananiwasha mpaka sasa naandika kwa jicho moja.

Swali langu. Gari nililiuza kule Reading tarehe 12 Julai kabla sijaondoka, halafu katika pilikapilika za safari nikawapigia bima tarehe 18 kuwaambia nimeuza, katisheni. Wakanitumia imeili kwamba mkataba umekatishwa 18 Julai na kama kuna hela ya kurudishwa itarudi kwa njia ileile niliyolipia, siku 5 mpaka 10 za kazi. Kiasi hawakuandika. Nimefungua akaunti yangu ya benki, nimeshuka mpaka Juni, hakuna kitu. Nililipa mwaka mzima kwa mkupuo Februari, pauni 747.90. Sasa hata sijui natakiwa kurudishiwa ngapi, na hata wakiniletea pungufu nitajuaje? Naombeni mwongozo.

Mzee Saidi, Jumamosi 9 Agosti

Mwanangu hiyo hesabu nyepesi sana. Chukua 747.90 gawa kwa 12, unapata kama 62 na ushee kwa mwezi. Umetumia miezi mitano, imebaki saba, saba mara hiyo ni pauni 436 na senti kidogo. Hiyo ndiyo hela yako wala usikubali wakukate faini, sheria ya huku inampa mteja haki ya kukatisha bila faini. Wapigie uwe mkali kidogo, hawa watu ukiwachekea wanakaa kimya.

Fadhili, Jumamosi 9 Agosti

Kaka hiyo haiji benki!! Mimi nilipouza gari langu walinitumia hundi, ikaenda kwa anwani ya zamani ikakaa kwa mpangaji mwingine wiki nne. Na wanalipa miezi kamili tu, ukichelewa kutoa taarifa ukaingia mwezi mpya huo umekula hasara. Angalia anwani iliyo kwenye kitabu cha gari.

Zuhura, Jumapili 10 Agosti

Shikamoo Mzee Saidi, na wengine wote salamu. Nimekaa miaka sita ofisi ya broka hapa Leicester, kazi yangu ilikuwa hizihizi za kukatisha, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Fadhili kaka, wewe unasema kodi ya barabara, ile ya DVLA. Hiyo kweli inahesabiwa kwa miezi kamili na mara nyingi inakuja kwa hundi kwa jina na anwani ya kwenye kitabu. Hamisi na hiyo pia ifuatilie, ni hela nyingine kabisa. Ila bima ni kampuni binafsi na haihesabu miezi, inahesabu siku.

Mzee, ile haki ya kukatisha ipo ila ni zile siku 14 za mwanzo tu, na hata hapo wanaruhusiwa kukata siku ulizokwisha tumia na gharama ndogo ya ofisi. Baada ya 14 kinachotawala ni kile kipengele cha kukatisha ndani ya mkataba. Mikataba mingi inarudisha kwa siku zilizobaki ikitoa ada ya kukatisha, lakini nimeona inayotumia jedwali lao ambalo linakupa kidogo kuliko siku zenyewe, na mingine ukishapita miezi fulani hurudishiwi hata peni. Kwa hiyo Hamisi kabla ya kikokotoo fungua kwanza yale makaratasi ya Februari.

Jambo la pili, ile 747.90 si primiamu yote. Mule ndani karibu kila mara kuna vitu vimepachikwa, ada ya broka ya kuandikisha, msaada wa wakili, gari la kukuvuta ukiharibikiwa. Hivyo mara nyingi havirudi. Nipe mchanganuo wake, na tarehe bima ilipoanza. Na uniambie kama mwaka huu kuna klemu yoyote, maana kwenye mikataba mingi ukishalipiwa klemu mwaka wote unahesabika umetumika, hakuna cha kurudi.

Hamisi, Jumapili 10 Agosti

Asante sana dada Zuhura. Nimepanda mpaka kwenye mbuyu wa shule ndo mtandao unashika. Karatasi inasema hivi: bima yenyewe pauni 693.50 kodi ikiwa ndani, msaada wa wakili 29.40, ada ya kuandikisha 25. Imeanza tarehe 10 Februari. Klemu sina, namshukuru Mungu. Kipengele cha kukatisha kinasema baada ya siku 14 watarudisha kulingana na siku zilizobaki wakitoa ada ya 50, na kwamba wakili na ada ya kuandikisha havirudishwi. Kumbe nilisaini haya yote?

Zuhura, Jumapili 10 Agosti

Sote tunasaini kaka. Haya sasa ni rahisi.

Gawa 693.50 kwa 365, inakuja pauni 1.90 kwa siku. Sasa hesabu siku ulizotumia, na hapa ndo watu wanapopotea, hesabu kwa kidole siyo kwa kukisia miezi: Februari kuanzia tarehe 10 ni siku 19, Machi 31, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, Julai 18. Jumla 159. Zimebaki 206. Mara 1.90 unapata 391.40, toa 50 yao, inabaki 341.40.

Kuna kampuni ambazo siku ya kukatisha yenyewe hawaihesabu kama umeitumia, hapo zingebaki 207 na ungepata 343.30. Kwa hiyo tafuta moja kati ya namba hizo mbili. Ikitokea namba iliyo mbali nazo, labda chini ya 300, hapo ndo uwaandikie uombe mchanganuo.

Sasa ya kuipata. Wewe umesema umeangalia akaunti ya benki. Februari ulilipa kwa nini hasa, kadi ya akaunti au kredit kadi? Maana njia ileile maana yake kadi ileile, siyo benki ileile. Na usitafute jina la kampuni iliyo kwenye cheti cha bima, kwenye stetimenti inakuja kwa jina la broka au la ile kampuni inayowapitishia malipo. Tazama ule mstari wa Februari wa 747.90 umeandikwa jina gani, rifandi mara nyingi itabeba jina hilohilo.

Somoe, Jumapili 10 Agosti

Jamani na mimi nisaidieni, mimi nilikatisha Mei nikitegemea hela wakaniambia NADAIWA pauni 63, inakuwaje mtu ukatishe halafu udaiwe?? Nilikuwa nalipa kwa mwezi, nikaenda kwenye apu ya benki nikaifuta dairekt debiti nikajua yameisha. Na Machi nilimgusa mtu kidogo kwa nyuma pale Coventry, bampa tu wala haikuwa kitu.

Hamisi, Jumatatu 11 Agosti

Dada Zuhura nilikuwa nimesahau kabisa, nililipa kwa kredit kadi! Ile ambayo siitumii siku hizi. Nikashusha stetimenti yake ya Julai, ile ya pidiefu, nikaisoma yote, hamna. Halafu nikaona kitu kimenitisha, kwenye apu salio linasema -129.34. Yaani hasi. Sasa mie nimeacha deni gani huko? Nilijua nadaiwa 212 na kitu ya tiketi ya ndege ya kuunganisha na mabegi.

Zuhura, Jumatatu 11 Agosti

Hahaa Hamisi, umeshaipata hela yako ila hujaitambua.

Kredit kadi inahesabu deni, siyo akiba. Namba bila alama ni unachodaiwa, na hasi ni kwamba benki ndiyo inayokudai wewe... samahani, kinyume chake, benki ndiyo unayoidai wewe! Naandika nikiwa kwenye basi. Deni lako lilikuwa ngapi hasa, 212.06? Chukua 341.40 toa 212.06 inabaki 129.34. Ni ileile.

Kwa nini pidiefu ya Julai haina: angalia juu kabisa stetimenti imefungwa tarehe ngapi. Kadi nyingi hazifungi mwisho wa mwezi. Kilichoingia baada ya kufunga kinakwenda kwenye stetimenti inayofuata, kwa hiyo cha mwisho wa Julai utakikuta ya Agosti. Kwenye apu nenda miamala ya karibuni, tafuta kwa namba 341.40, siyo kwa jina.

Hamisi, Jumatatu 11 Agosti

Imefungwa tarehe 24 Julai. Na hii hapa, nimeikopi kama ilivyo, jina nimelificha:

```
29 JUL  ******* PMT SVCS     341.40 CR
```

Huo mstari nimeupita mara tatu jana! Nilijua ni kitu wamenikata, jina silijui na hiyo CR nikadhani ndo kredit kadi.

Zuhura, Jumatatu 11 Agosti

CR ni hela iliyoingia kwako. Siku saba za kazi tangu 18, hawakuchelewa. Ile 129.34 iliyozidi wapigie watu wa kadi wakuhamishie akaunti, usiiache kwenye kadi usiyotumia. Na siku nyingine ukirudishiwa rifandi ukiwa bado una deni, usidhani umeshalipa malipo ya mwezi, kadi nyingi hawaihesabu kama malipo.

Somoe mdogo wangu, kulipa kwa mwezi ni mkopo. Kampuni ya mkopo ilishawalipa bima mwaka mzima, wewe unawalipa wao na riba. Ukikatisha, kinachorudi kinaanza kuziba mkopo, kisha ada, na ukiwa na klemu hakirudi kitu ndo deni likabaki. Na kufuta dairekt debiti siyo kukatisha bima, ni kuacha kulipa. Nitazamie barua yako, nani alikatisha, wewe au wao? Kama ni wao kwa kukosa malipo, kila utakapoomba bima mpya utaulizwa na inabidi useme. Je yule wa bampa alilipwa na bima yako?

Somoe, Jumatatu 11 Agosti

Sijui kama alilipwa, walisema bado wanalishughulikia. Barua nitaitafuta nikirudi kazini.

Mzee Saidi, Jumatatu 11 Agosti

Marahaba Zuhura. Nimekubali ya siku, lakini hizo 50 za kukatisha bado naona ni wizi. Na je, gari kaliuza tarehe 12, kwa nini wamhesabie mpaka 18? Siku sita gari si lake.

Zuhura, Jumanne 12 Agosti

Hapo mzee una hoja. Kawaida hawarudishi tarehe nyuma, wanahesabu siku uliyopiga simu. Ila nimewahi kuona wakikubali mteja akileta ile imeili ya DVLA kwamba gari limehamishwa umiliki. Siku sita ni 11.40. Wakikataa anaweza kulalamika rasmi, wana wiki nane za kumjibu, na baada ya hapo kuna ombudsman wa fedha ambaye halipishi mteja. Siwezi kuahidi atashinda.

Hamisi, Jumanne 12 Agosti

Imeili ya DVLA ninayo, ya tarehe 12 jioni. Nimewatumia leo asubuhi. Pauni 11.40 huku ni hela ya maana, siachi. Sasa nashuka kutoka kwenye mbuyu, vijana wameanza kuwasha mashine.