Pangaboi la sebuleni kwa Babu

Rehema: Wanafamilia habari za asubuhi. Lile pangaboi la Babu limekuwa goigoi, likizunguka unahesabu mapanga yake. Leo tuamue, jipya au feni mbili za kusimama? Msisome tu mkanyamaza

Juma: Za kusimama. Pangaboi linakula umeme, mota yenyewe kubwa vile

Idi: Hapo umepata nusu. Pangaboi la kawaida ni kama wati 70, ya kusimama ya inchi 16 kama 50. Lakini ya kusimama inampepea aliye mbele yake, ukiiacha igeuke huku na huku kila mtu anapata upepo kwa zamu. Sebule ile utawasha mbili, wati 100, masaa 10 ni uniti 1 nzima. Pangaboi moja masaa hayohayo 0.7 na wote mnapata

Shangazi Mwanahawa: Yangu nikiwasha inavuma tu haizunguki na inanuka kuungua

Idi: Chomoa shangazi, usiwashe tena, ikivuma bila kuzunguka koili inaungua. Zungusha panga kwa kidole, likiwa gumu bushi zimekauka zinataka oili nyepesi

Salma: Shangazi kaleta mgonjwa wake 😂😂

Rehema: Tunaongelea ya BABU jamani 🙏🏾 Mchango lini?

Juma: Hela ya jenereta kwanza, mpaka leo hatujui iliishia wapi

Rehema: Juma nilishaeleza, usinianze

Idi: Kabla hamjachanga, nani kalikagua? Zima umeme mein swichi, lizungushe kwa mkono. Likienda laini bila kukwaruza beringi nzima, mi nashuku kapasita, ikichoka spidi inashuka hata ukiweka namba 5. Inawekwa yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, kama ni 2.5 basi 2.5, watu wanaweka kubwa ili likimbie halafu wanachoma koili. Likikwaruza ndo beringi

Salma: Na zile za rimoti?

Idi: Nyingi zina mota isiyo na brashi, wati 30 hivi na kimya sana. Ila bodi yake ikifa fundi wa mtaani wengi hawaiwezi

Babu: Nimewasoma. Feni ya kusimama siitaki, ile mliyoniletea ililia usiku kucha na waya wake ukanikwaa mlangoni. Hili pangaboi alilichagua bibi yenu. Lisishushwe.

Salma: Sawa Babu

Rehema: Sawa Babu. Idi basi njoo Jumamosi na kapasita

Idi: Jumamosi nina kazi ya watu, ntaangalia. Mtu anipigie picha ya iliyopo namba zisomeke

Rehema: Nani yuko kwa Babu leo?

Rehema: ??

Hamisi: Ndo naona sasa hivi. Kwa hiyo hizo feni mbili kila mtu anatoa ngapi

Rehema: Hamisi panda juu usome!!

Shangazi Mwanahawa: Idi oili ya kupikia inafaa?

Idi: Hapana shangazi itaganda, tumia ya cherehani, matone mawili tu