Kipindi cha maswali na daktari wa kuku: grupu la WhatsApp, Meet au Telegram? Na matangazo tuyapangeje?

MamaSaumu_Mlandizi

Habari za humu wakuu. Tuna grupu la wafugaji wa kuku wa kienyeji na chotara, watu 180 hivi. Wengi wapo Pwani na Morogoro, wachache wapo Muscat na Bujumbura ambao kuku wao wanaangaliwa na ndugu huku nyumbani. Daktari wa mifugo amekubali kukaa nasi saa moja Alhamisi ya wiki ijayo, saa 2 usiku, ajibu maswali papo kwa papo.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni humo humo kwenye grupu: tunalifunga, maswali yanakusanywa mapema, yeye anajibu kwa voisi. Ya pili ni Google Meet, tuonane uso kwa uso. Ya tatu ni Telegram, mazungumzo ya sauti. Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki anieleze ipi ina nafuu, na tangazo litoke lini, kukumbusha mara ngapi, na baada ya kipindi kuna cha kufanya au tunaagana tu?

Kijana_wa_Bando

Dada nenda Meet. Zoom usiiguse, ya bure inakata dakika 40. Meet ni bure na haina kikomo, mnaongea mpaka kuku wawike.

Fundi_Mitambo

Kwa Zoom uko sahihi. Meet ya bure nayo ina kikomo: mkizidi wawili ni dakika 60, na wanaoingia hawazidi 100. Kwa kipindi cha saa moja maana yake ni kwamba dakika kumi za "haloo, mnanisikia?" zimeshakula muda wa daktari, na mwishoni mnakatwa akiwa katikati ya kueleza dozi.

Halafu fikiria bando. Video ya saa nzima kwa mtu wa kijijini si mchezo, ilhali voisi ya dakika moja haifiki MB 1, na aliyekosa mtandao usiku ataifungua asubuhi. Kwa watu wako ningechagua grupu la WhatsApp bila kusita. Telegram ni nzuri kuliko zote mbili kwa jambo moja: unaweza kupanga mazungumzo ya sauti mapema, saa ikawa inahesabu kurudi nyuma pale juu, na mtu akabonyeza akumbushwe. Ila jiulize wangapi kati ya hao 180 wanayo.

Zulekha_Temeke

Samahani kuingilia. Vifaranga wangu wana wiki nne, tangu juzi wanaharisha damu, wamejikunyata, wamekufa wawili. Huyo daktari naweza kumuuliza hiyo Alhamisi?

Mzee_Kibwana

Binti yangu, usingoje Alhamisi. Umri huo na damu kwenye kinyesi, mara nyingi ni koksidia. Leo hii mtafute bwana mifugo wa kata yako ayaone, na kinyesi cha asubuhi mpelekee. Huku ukimsubiri, ondoa matandazo yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, uweke makavu. Dawa itatiwa kwenye maji ya kunywa, lakini akupimie yeye.

Mama Saumu, swali la Zulekha limekuonyesha kitu ambacho tangazo lako lazima liwe nacho: mstari mmoja wa juu kabisa kwamba kuku wanaokufa leo hawasubiri kipindi. Nimeona watu wanatunza ugonjwa siku tano kwa sababu wamesikia daktari anakuja.

MamaSaumu_Mlandizi

Shikamoo mzee. Hilo sikuliwaza kabisa, naliweka. Zulekha pole sana, tupe habari.

Mzee_Kibwana

Marahaba. Nimeendesha vipindi hivi tangu enzi za kupigia simu redioni, kwa hiyo niseme yangu. Chombo gani mtumie hakina uzito kama namna mnavyokusanya maswali. Daktari akimjibu kila mtu vizuri anatumia dakika nne, tano. Kwa saa moja hayo ni maswali 12 mpaka 15, hayazidi. Grupu likiwa wazi usiku ule mtapata ujumbe 200, nusu yake ni "asante dokta", na swali la maana linapotea humo katikati.

Kwa hiyo tangazo la kwanza litoke siku saba kabla, na kazi yake kubwa iwe kuomba maswali, tarehe iwe jambo la pili. Na ueleze swali liandikwe vipi: aina ya kuku na umri wao, wako wangapi na wagonjwa wangapi, wamechanjwa nini na lini, wanakula nini, na picha ya kinyesi au ya kuku mwenyewe. "Dokta kuku wangu wanaumwa nifanyeje" halijibiki. "Chotara 60, wiki tisa, hawajawahi chanjo ya mdondo, wanne wamepinda shingo, kinyesi cha kijani" hilo linajibiwa kwa dakika mbili, na wengine thelathini wananufaika.

Siku moja kabla, kaa uyasome. Yanayofanana yaunganishe, mtumie daktari orodha. Na yeye mkumbushe! Watu wanawakumbusha wasikilizaji halafu mgeni mwenyewe yuko safarini.

Seif_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi naomba kitu kimoja tu, saa. Mlishawahi kutangaza "8:00" bila neno jingine. Wengine wakaingia saa mbili asubuhi, mmoja akaelewa saa nane mchana. Halafu sisi wa huku tuko mbele yenu kwa saa moja: saa mbili yenu ya usiku kwetu ni saa tatu.

Nuru_Buja

Na huku Burundi tuko nyuma yenu saa moja, kwetu itakuwa saa moja ya usiku. Ndugu zetu wa Bukavu nao saa moja na sisi.

Fundi_Mitambo

Andikeni hivi kila mara, bila kufupisha: "Alhamisi, saa 2 usiku (20:00) Afrika Mashariki, Muscat saa 3 usiku (21:00), Bujumbura na Bukavu saa 1 usiku (19:00)." Walioko Ulaya wape kiungo cha kalenda ya Google, simu yenyewe itawabadilishia, maana wao saa zao zinasogezwa mara mbili kwa mwaka na hesabu ya kichwani inawachanganya. Kwenye grupu la WhatsApp pia kuna "tukio": unaliweka, mtu anajibu atakuwepo au hatakuwepo. Hapo unapata makadirio ya idadi mapema.

Kijana_wa_Bando

Basi mimi ningeongeza ujumbe wa kibinafsi, maana grupu watu wamelinyamazisha. Tengeneza orodha ya matangazo ya WhatsApp, tuma mara moja inamfikia kila mtu kwake.

Fundi_Mitambo

Wazo zuri, lakini orodha ile inampata tu mwenye namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, na wewe huambiwi. Mwisho wake ni watu 256, kwa hiyo idadi yenu inaingia. Shida ni hiyo ya namba.

Kwa siku yenyewe ningelipia SMS za jumla. Ziwe fupi. SMS moja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Huu hapa una 122:

```
LEO Alhamisi saa 2 usiku (20:00) maswali ya kuku na daktari, kundi la WhatsApp. Swali lako liandike kabla ya saa 12 jioni.
```

Sasa mtu anaona haipendezi, anaweka kipicha cha kuku mwishoni. Hapo ndipo pesa inapotea: kipicha kimoja kinaubadilisha ujumbe mzima, kikomo kinashuka kutoka 160 mpaka 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67 tu. Ujumbe ule ule unakuwa SMS mbili. Watu 180, unalipia 360. Hata alama za kunukuu zilizopinda, zile unazonakili kutoka Word, zinafanya hivyo hivyo. Kabla ya kutuma angalia kihesabio kwenye ukurasa wa mtoa huduma kinaandika 1 au 2.

Na kama SMS inatoka kwa jina badala ya namba, mtu hawezi kuijibu. Usiandike "jibu ujumbe huu".

MamaSaumu_Mlandizi

Nimekuelewa fundi. Kwa hiyo siku saba kabla, siku moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Inatosha?

Mzee_Kibwana

Mimi ningeacha ya asubuhi, niweke ya saa 11 na nusu jioni. Asubuhi mtu yuko bandani, akifika jioni ameshasahau.

Seif_Muscat

Mzee kwa heshima, tangazo lenyewe linasema maswali yafike kabla ya saa 12. Ukikumbusha saa 11 na nusu umempa nusu saa ya kwenda kupiga picha ya kinyesi, tena giza linaingia. Asubuhi ndiyo yupo bandani, apige hapo hapo.

Mzee_Kibwana

Hapo una hoja. Labda asubuhi kwa SMS ya maswali, na dakika kumi kabla kwenye grupu, ya kuingia tu. Mimi jioni bado naitaka, lakini simlazimishi mtu.

Nuru_Buja

Na baada ya kipindi? Mara ya mwisho kulikuwa na voisi kama thelathini, nikitafuta ile ya Gumboro nazisikiliza zote.

Mzee_Kibwana

Baada ndiyo kazi inayokimbiwa. Kesho yake asubuhi, mtu mmoja aandike orodha: swali la 1 linahusu nini, jibu kwa mistari miwili, na voisi yake iitikiwe pale pale chini ili mtu akibonyeza impeleke. Orodha ibandikwe juu ya grupu siku 30. Yaliyobaki bila jibu yatajwe, na yatajibiwa lini. Dozi yoyote iliyoandikwa, daktari aipitie kwanza kabla haijabandikwa, maana aliyesikia "gramu" akaandika "kijiko" ameua banda.

Kisha kuna kumbusho la mbali, ambalo ndilo lenye faida kuliko yote. Daktari akisema chanjo ya mdondo ya tone la jicho irudiwe kila miezi mitatu, weka alama kwenye kalenda yako, na miezi mitatu ikifika uwaandikie: "Mliochanja baada ya kipindi kile, wiki hii mrudie."

Kijana_wa_Bando

Na voisi tunaruhusiwa kuzisambaza magrupu mengine? Zinasaidia watu.

MamaSaumu_Mlandizi

Nilimuuliza daktari mchana huu. Amesema za chanjo na usafi wa banda sambazeni, za dozi ya kundi la mtu fulani hapana, kwa sababu ikitoka bila lile swali mwenye kuku wa wiki tatu ataitumia ya kuku wakubwa. Sasa sijui nitawazuiaje watu 180.

Fundi_Mitambo

Huwezi kuwazuia. Mwombe kila voisi ya dozi aianze kwa kutaja swali lenyewe: "Kwa chotara 60 wa wiki tisa…" Ikisafiri, isafiri na swali lake.

Zulekha_Temeke

Bwana mifugo amekuja jioni, ni koksidia kweli, amewapa dawa ya kwenye maji siku tano. Leo hajafa hata mmoja. Ila ameniuliza wamechanjwa nini na lini, sikuwa na jibu. Hiyo kadi ya chanjo mnaiandika wapi?