Ushauri: Asilimia 10 ya riba ya kawaida au asilimia 9 ya riba limbikizi?

MwekaAkiba
Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Nina 1,000,000 ninayokusudia kuiweka kwa miaka 5, na nimepewa nafasi mbili. Ya kwanza inatoa asilimia 10 kwa mwaka kwa riba ya kawaida, yaani riba hukokotolewa juu ya mtaji wa mwanzo tu. Ya pili inatoa asilimia 9 kwa mwaka, lakini kila mwisho wa mwaka riba huongezwa kwenye mtaji, nayo huzaa riba mwaka unaofuata. Moyo unanivuta kwenye ile 10, ila naogopa kuchagua kwa kutazama tarakimu kubwa pekee. Naomba mnisaidie kwa hesabu, siyo kwa maneno matupu.

Mpitanjia
Chukua ya pili bila kusita. Riba limbikizi huishinda riba ya kawaida siku zote, hata kiwango chake kikiwa kidogo.

Mizania
Ndugu Mpitanjia, hilo ni kweli endapo viwango vinalingana na muda unapita mwaka mmoja. Viwango vikitofautiana, jibu hutegemea muda, na hapa ndipo mwenye uzi anapaswa kutulia.

Nafasi ya kwanza huongeza 100,000 kila mwaka, wala haibadiliki: mwaka wa tatu utakuwa na 1,300,000, wa nne 1,400,000 na wa tano 1,500,000. Nafasi ya pili huanza kwa unyonge, kwa kuwa mwaka wa kwanza hukupa 90,000 tu. Mwaka wa pili, asilimia 9 inakokotolewa juu ya 1,090,000, kwa hiyo unapata 98,100 na kufikia 1,188,100. Mwaka wa tatu unafikia 1,295,029, bado ukiwa nyuma kidogo. Mwaka wa nne unafikia 1,411,582 na kuipita ile ya kwanza, na mwaka wa tano unamaliza na 1,538,624.

Kwa hiyo, ukiacha fedha zikae miaka 5 yote, ya pili inakuzidishia 38,624. Ukizitoa mwisho wa mwaka wa tatu, ya kwanza ndiyo bora, kwa tofauti ya karibu 5,000. Kumbuka pia kwamba ukiwa unachukua riba ya nafasi ya pili kila mwaka kwa matumizi, hakuna kinacholimbikizwa. Utabaki na 90,000 kila mwaka, na hapo ile 10 inakushinda moja kwa moja.

Mvumilivu
Mimi niliwahi kuchukua mkopo uliotozwa riba ya kawaida, na hadi mwisho riba ilihesabiwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, ingawa nilikuwa nimekwisha kurudisha zaidi ya nusu. Iogopeni riba hiyo.

Mizania
Pole, lakini huo ni mkopo, na deni lako lilikuwa linapungua huku riba ikijifanya haioni. Mwenzetu anaweka akiba, na mtaji wake haupungui.

Tarakimu
Naongeza jambo ambalo halijaulizwa. Je, riba ya nafasi ya kwanza inalipwa lini? Ikilipwa yote mwishoni mwa miaka 5, hesabu ya Mizania inasimama. Ikilipwa kila mwaka mkononi, unaweza kuilimbikiza mwenyewe. Tuseme kila 100,000 unaiweka kwenye akaunti nyingine inayolimbikiza riba ya asilimia 3 kwa mwaka: mwishoni jumla yako yote itakuwa 1,530,914, chini kidogo ya nafasi ya pili. Akaunti hiyo ikitoa asilimia 4, unafikia 1,541,632 na kuipita. Ushindi wa asilimia 9 ni mwembamba kuliko unavyoonekana.

Vilevile hakikisha kwamba ulimbikizaji ni wa kila mwaka kweli. Asilimia 9 ileile ikilimbikizwa kila mwezi, yaani 0.75 kwa mwezi, baada ya miaka 5 hufikia takribani 1,565,681, na huipita nafasi ya kwanza hata kabla ya mwaka wa tatu kwisha.

MwekaAkiba
Nashukuru sana. Nimerudia kusoma karatasi zao: nafasi ya kwanza hulipa riba kila mwaka, na ya pili hulimbikiza kwa mwaka. Tatizo ni kwamba huenda nikahitaji 300,000 mwaka wa tatu.

Mizania
Basi uliza kwanza ukitoa sehemu kabla ya muda wanakata nini. Wengine hukata riba ya mwaka huo tu, wengine hushusha kiwango kuanzia siku ya kwanza, na hilo la pili linaweza kufuta hesabu zetu zote.

Tarakimu
Kwa hali hiyo mimi ningeegemea ya kwanza, kwa sababu riba za miaka mitatu zinatosha hizo 300,000 bila kugusa mtaji.

Mizania
Mimi ningegawa fedha mara mbili. Lakini nisingeamua kabla ya kuona kifungu hicho cha makato.