Ng'wandu au Masanja? Wateja hawanipati, naomba ushauri

Wakuu habari. Nauza dagaa wa jumla Mwaloni, Kirumba. Kabla ya ndoa nilikuwa Kabula Ng'wandu, na laini ya simu niliisajili kwa jina hilo. Sasa natumia Masanja, la mume wangu, na ndilo niliandika kwenye magunia na kadi za biashara.

Juzi mteja wa Dodoma alitaka kulipia magunia sita. Simu ikamletea "KABULA NGWANDU", akaghairi akidhani ni tapeli. Nilimpigia, nikaeleza mpaka salio likakata.

Halafu kuna hiki kikoma cha juu. Mmoja anaandika Ngwandu, mwingine N'gwandu. Hata wanaopatia hawafanani: kompyuta hunyoosha alama ('), simu nyingine huipinda (’), na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti. Binti wa stoo alinitafuta kwenye orodha ya wateja hakuniona, kumbe nimo. Alinipata alipoandika "wandu" tu.

Matamshi ndiyo usiseme. Wageni wanaanza kama "ngoma", wakati ni ng' ya "ng'ombe", kisha w inafuata hapohapo: Ng'wa-ndu, silabi mbili.

Nimefikiria kadi mpya iandikwe: Kabula Masanja (Ng'wandu, ng' kama ng'ombe), na chini yake, "Malipo yatasoma KABULA NGWANDU". Itatosha? Au nibadili usajili wa laini kwanza? Waliopitia haya baada ya ndoa, mlianzia wapi?