Siku 18 za kazi zinageukaje miezi miwili? Barua pepe ya mshauri wa mfumo imenichosha

Msimamizi_Mradi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sisi ni wasambazaji wa dawa, tunafunga mfumo mpya wa stoo na uhasibu, na mimi ndiye ninayeusimamia mradi upande wetu. Mfumo ulikuwa uwashwe 1 Julai. Wafanyakazi wameshaambiwa, na wenye mfumo wa zamani tumeshawaandikia kwamba hatuongezi mkataba.

Tarehe 14 Mei watunza stoo walikuwa kwenye majaribio. Mmoja akawa anapokea katoni mbili za dawa ileile, moja inaisha muda Septemba, nyingine mwakani. Akaniita: "Namba ya bechi naijaza wapi?" Hakuna mahali. Mfumo umezijumlisha, unasema tuna katoni mbili, kwisha. Siku hiyohiyo nikaomba iongezwe bechi na tarehe ya kuisha muda. Jana, tarehe 20, ndipo nikajibiwa. Nanukuu neno kwa neno:

"Ombi lenu limetathminiwa na liko nje ya mawanda yaliyokubaliwa. Kazi inakadiriwa kuchukua siku 18 za kazi. Ombi hili litaathiri ratiba, na tarehe mpya inayopendekezwa ya kuwasha mfumo ni 1 Septemba. Tafadhali saini fomu ya mabadiliko iliyoambatishwa ili tuendelee."

Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Siku 18 za kazi kuanzia leo zinaishia katikati ya Juni. Hata 1 Julai haijafika! Miezi miwili imetoka wapi? Bosi ameniuliza swali hilohilo asubuhi nikabaki kimya, kwa sababu barua yenyewe haisemi. Inanitaka nisaini tu.

KodiUsiku

Msisaini. Mimi ni mwandika programu. Bechi na tarehe ni safu mbili kwenye jedwali, ukijumlisha na skrini ya kupokelea ni siku tatu, nne zikizidi. Wamewaona hamjui wakajaza siku.

Mshahara_Kwanza

Pole sana. Sisi kwenye mfumo wa mishahara jibu la mshauri lilikaa kwenye barua taka wiki mbili. Angalia huko, huenda lako lilitumwa tangu tarehe 15.

Msimamizi_Mradi

Ndugu, barua imefika. Kilio changu ni kilichomo ndani yake, au tuseme kisichomo.

Bi_Salio

Nimefunga mifumo ya stoo miaka 11, na barua kama hiyo nimewahi kuiandika mwenyewe, vibaya vilevile. Kwa hiyo nakuelewa, na mshauri wako namwelewa pia.

KodiUsiku, kwenye safu mbili uko sahihi. Lakini ukishasema dawa inafuatwa kwa bechi, mfumo utadai bechi kila dawa inapoguswa: kupokea, kuhamisha, kutoa, kurudishwa na mteja. Skana ya mkononi isipojua kuuliza bechi, inakataa kumaliza kazi. Lebo na ripoti nazo zinabadilika. Siku 18 hazinishtui.

Sasa miezi miwili. Kazi yao ikiisha katikati ya Juni, majaribio ya watunza stoo yanaanza upya, kwa sababu yale ya mwanzo yalipima kupokea na kutoa kusiko na bechi. Hizo ni wiki mbili, na wiki moja ya kurekebisha yatakayoonekana. Tayari uko 5 Julai. Bado salio la kuanzia. Faili mlilowapa lina dawa na idadi. Sasa linatakiwa dawa, bechi, tarehe, idadi, na hizo hazipo kwenye mfumo wa zamani, zipo kwenye rafu. Lazima watu waingie stoo na karatasi wahesabu kila bechi peke yake, kisha faili lipakiwe kwa majaribio walau mara moja.

Ukimaliza yote hayo uko kama tarehe 10 Julai, na huwezi kuwasha siku hiyo. Salio linahamishwa mwezi ukishafungwa, la sivyo nusu ya Julai iko mfumo wa zamani na nusu mfumo mpya, na mhasibu wako hatapata hesabu inayokubaliana. Mlango unafunguliwa tarehe 1 ya mwezi. Ukichelewa siku 10, umechelewa mwezi.

Msimamizi_Mradi

Kwa hesabu hiyo ni 1 Agosti. Huo mwezi wa pili je? Na kama wangeniandikia hivi ulivyoandika, ningekasirika lakini ningekuwa na la kumwambia bosi.

Bi_Salio

Wa pili siujui, uliza. Mara nyingi ni mtu. Anayetengeneza skana huwa mmoja, na huenda ameshaahidiwa mteja mwingine mwezi Juni. Akiondoka wiki mbili, tarehe 10 Julai inakuwa 24, na hakuna mshauri atakayeahidi 1 Agosti akiwa na wiki moja mkononi. Kama ndivyo, alipaswa kuandika hivyo. "Litaathiri ratiba" haikwambii ni nani hayupo wala ni kazi gani inayosubiri kazi gani.

KodiUsiku

Sawa, la salio sikulifikiria. Basi washeni 1 Julai bila bechi, muiongeze baadaye. Hakuna haja ya kusubiri.

Bi_Salio

Kwa ripoti au lebo ningekubali. Kwa bechi, hapana. Mifumo mingi haikuruhusu kuwasha bechi kwenye bidhaa ambayo tayari ina miamala. Mtalazimika kushusha stoo yote hadi sifuri kisha kuipandisha tena kwa bechi, au kufungua namba mpya za dawa na kupoteza historia. Nimeona mteja akifanya hivyo mwezi wa nne wa matumizi. Walifunga stoo siku tatu.

Kama unataka kuokoa muda, omba kitu kidogo kuliko ulichoomba. Bechi iwashwe tangu siku ya kwanza, kwa vitu vyenye tarehe ya kuisha muda tu. Watunza stoo waandike bechi kwa mkono kwenye kompyuta, skana na lebo vije baadaye. Mtu wa skana akitoka kwenye hesabu, 1 Agosti inaweza kurudi. Kuhesabu rafu hakukwepeki.

Mkaguzi_wa_Ndani

Kuandika bechi kwa mkono kwenye dawa? Herufi moja ikikosewa, siku ya kurudisha bechi mbovu kutoka sokoni hamtaipata. Mimi ningesubiri Septemba na skana.

Bi_Salio

Hoja yako ni ya kweli, na sina dawa yake kamili. Mtu wa pili anaweza kusoma kabla ya kuidhinisha. Inapunguza makosa, haiyamalizi.

Msimamizi_Mradi

Nimempigia mshauri sasa hivi. Ni kweli, mtu wa skana anaondoka 7 Juni, anarudi 24. Nikamuuliza mbona hukuandika. Akasema waliona si vizuri kumtajia mteja mambo ya mteja mwingine. Nimemwambia sikuhitaji jina la mteja, nilihitaji tarehe mbili. Pia amekiri kwamba siku sita za kulitathmini ombi langu ziko ndani ya huo ucheleweshaji, na kwenye barua hazimo.

Fomu sijasaini. Nimemtaka aandike upya, aweke njia mbili: 1 Agosti kwa kuandika kwa mkono, na 1 Septemba na skana, kila moja ionyeshe kazi gani inasubiri nini. Ameahidi kesho saa nne. Kesho asubuhi naingia rafuni na yule mtunza stoo tuhesabu bechi za rafu moja, nijue kazi ya stoo nzima ni ya siku ngapi. Wenye mfumo wa zamani nao nawaandikia usiku huu kuomba mwezi mmoja zaidi, na hiyo gharama bado sijui ataibeba nani.